Mayai ya mboga ya oveni: maji yanatoka wapi?

Msomaji mmoja wa Jinja ameniandikia akilalamika kuwa mayai yake ya mboga hutoka kwenye oveni yakiogelea majini, huku juu yamekakamaa kama mpira. Nimefurahi kuulizwa, kwa sababu Jumapili iliyopita niliwapikia wakwe zangu chakula hichohicho, na mama mkwe, ambaye hasifu ovyo, aliomba kipande cha pili.

Dada, kwanza yaangalie hayo maji. Yakiwa na rangi ya mboga na kitako cha mayai kimelowa, yametoka kwenye mboga. Yakiwa karibu meupe, na ndani ya mayai kuna vitundu vingi vidogo, basi mayai yameiva kupita kiasi. Moto ukizidi, mayai hujikaza na kukamua maji yake yenyewe. Ndiyo maana maji na ule mpira huja pamoja.

Mimi nilitumia mayai 8, kitunguu kimoja, uyoga viganja viwili, nyanya mbili na fungu la mchicha kutoka Nakasero. Uyoga niliuanza peke yake kwenye kikaango kipana, moto mkali, bila mafuta. Hutoa maji mengi. Usiogope, acha yakauke. Ndipo nikatia mafuta, kitunguu, na nyanya nilizokwisha kuzitoa mbegu na utelezi wake. Mchicha niliuchovya kwenye maji ya moto, nikauacha upoe, nikaukamua kwa mikono yote miwili, kisha nikaukatakata. Utajua mboga ziko tayari ukipitisha mwiko katikati ya kikaango na ile njia ikabaki kavu. Wengi hawana subira hapa, na hapa ndipo chakula kinapoharibikia. Mboga zisipokauka, oveni haitakusaidia.

Mayai nayo usiyapige mpaka yatoe povu. Povu huumuka, hukauka juu, kisha hunywea. Yachanganye kwa uma pamoja na maziwa vijiko vinne vya chakula na chumvi, uyamimine juu ya mboga zilizopoa kidogo. Kwenye jiko, moto mdogo, subiri kingo zishike.

Kisha oveni, nyuzi 160, kwa dakika kama 12, lakini macho yako yaamini kuliko saa. Tikisa kikaango: kingo zitulie, katikati patikisike kidogo bila kuwa majimaji. Ukitaka rangi, washa moto wa juu dakika moja au mbili tu, kikaango kikiwa kwenye rafu ya katikati. Ukikisogeza karibu kabisa na moto huo, ngozi ya juu hukauka kabla katikati hapajaiva. Kama kikaango kina mpini wa plastiki, hamishia kila kitu kwenye trei iliyopakwa mafuta kabla ya kuingiza ndani.

Ukishatoa, usikate. Joto lililobaki linamalizia katikati. Yape mayai dakika tano.