Kutoka batani ya pawa hadi logini

"Ukibonyeza pawa mpaka ile skrini ya paswedi, katikati hapo nini kinatokea?"

Chukua laptopu yenye Ubuntu na UEFI. Prosesa ikipata umeme haijui diski kabisa, inaanza na maelekezo ya UEFI yaliyo kwenye chipu ya ubao mama, hiyo ndo inaamsha memori, inaangalia orodha yake ya kubuti halafu inaenda patisheni ndogo ya FAT32 kuchukua shimx64.efi, kiprogramu cha kwanza cha kubuti, naye anamwita GRUB, programu ya kupakia mfumo. GRUB anapakia kerneli, yaani kiini cha mfumo, pamoja na initrd kwenye memori, kazi yake imeisha. Kuna wanaosema kerneli inaenda moja kwa moja kwenye diski, hiyo ni nusu kweli, kwa Ubuntu kawaida inapita kwanza initrd, kimfumo cha muda chenye draiva za kuifikia diski halisi. Ikiikosa diski unaweza kuachwa kwenye skrini ya amri ya `(initramfs)`, mimi ilinikuta nilipohamia SSD mpya nikasahau kubadili UUID, namba ya utambulisho wa patisheni, nikahangaika usiku mzima. Ikiipata diski anaamka systemd, PID 1, yaani prosesi ya kwanza, anawasha huduma mojamoja na nyingine kwa pamoja hadi gdm, ndo logini yenyewe. Kuona muda uliliwa wapi:

```
systemd-analyze
```