Bima ya boda na sifuri iliyopotea kwa picha

Swali: Ajenti alinitumia picha ya karatasi ya bima ya pikipiki. Premiamu ni 9,000 kwa mwaka. Kuibiwa ni 0.2 na wanalipa 120,000, ajali kubwa 0.03 wanalipa 50,000, ajali ndogo 0.10 wanalipa 15,000, mwaka bila shida 0.85. Nikipiga hesabu kwa wastani napata faida ya 18,000, ni ukweli? (Mwendesha boda, Kawangware)

Jibu: Kuzidisha kwako kuko sawa ndugu yangu, shida iko kwa namba moja. Kabla ya kuzidisha chochote jumlisha kwanza huo uwezekano wote, kwa sababu hiyo karatasi imegawanya mwaka wako mara nne na lazima uangukie mstari mmoja tu, kwa hivyo jumla inafaa iwe 1 kamili. Yako inaleta 1.18. Imezidi kwa 0.18, na hiyo ndiyo tofauti ya 0.2 na 0.02. Kuza picha kwa ule mstari wa kuibiwa, utaona karatasi ilikunjwa hapo na mkunjo umemeza sifuri.

Hata bila kujumlisha ungeshtuka, maana 0.2 ni kusema kila boda tano moja inaibiwa kila mwaka. Hesabu pikipiki za steji yenu, mwaka jana ziliibiwa ngapi?

Sasa rudia na 0.02. Kuibiwa inaleta 2,400, ajali kubwa 1,500, ajali ndogo 1,500, mwaka bila shida sufuri, jumla 5,400. Toa premiamu mara moja tu, si kwa kila mstari, kwa sababu unailipa mwaka uwe mzuri au mbaya. 5,400 toa 9,000 unabaki na hasi 3,600. Hivyo ndivyo inafaa kuwa, kampuni inalipa ofisi na ajenti kutoka kwa hiyo pesa, na ukiona bima inakupa faida kwa wastani jua umesoma namba vibaya.

Hasi haimaanishi usinunue. Kama pikipiki ni ya mkopo na huna 120,000 pembeni, mimi ningelipa hiyo 3,600 bila kufikiria sana, lakini kama unaweza kununua ingine kesho hiyo ni hesabu tofauti.

Kitu kingine, picha imekatwa chini na hapo ndipo huwa wanaandika eksesi, ile pesa unajilipia mwenyewe kwa kila klemu. Ikiwa ni 5,000, kila malipo yanashuka kwa hiyo 5,000 na yale 5,400 yanakuwa 4,650, yaani hasi yako inafika 4,350, na anayeumia zaidi ni yule wa ajali ndogo kwa sababu kati ya 15,000 anapata 10,000 pekee. Mwambie ajenti apige tena picha ya karatasi nzima ikiwa imenyooshwa kwa meza, na akuandikie eksesi kwa meseji kabla hujatuma pesa.