Mwalimu anajibu: Ripoti iliyomkosesha mama usingizi

"Shikamoo mwalimu. Nakutumia picha ya ripoti ya mwanangu. Hisabati sioni vizuri, ni 44 au 49?"

Marahaba mama. Ni 44. Kivuli cha simu kimeangukia hapo hapo, lakini tarakimu ikififia ripoti yenyewe hukusaidia kuisoma. Pembeni ya alama pana herufi D, na ufunguo wa madaraja chini ya ukurasa unasema D ni 30 hadi 44, C inaanzia 45. Angepata 49 angeandikiwa C. Kama bado una shaka, jumlisha. Kiswahili 72, Kiingereza 61, Sayansi 58, Jiografia 63 na Historia 66 ni 320. Ongeza 44 unapata 364, ndiyo jumla iliyoandikwa.

Kwa hiyo D yake imekosa alama moja tu kuwa C. Aliyepata 30 naye ana D hiyo hiyo, ndiyo maana mimi husoma namba kabla ya herufi. Na usisome herufi kwa ufunguo wa shule ya jirani, maana mipaka hutofautiana.

"Uraia wameweka X. Ndiyo amefeli kabisa?"

Hapana. Kwenye ufunguo wa ripoti hii X ni alama ya asiyefanya mtihani, na mwenyewe umeniandikia kwamba siku ile alikuwa mgonjwa. Aliyefanya akakosa yote angeandikiwa 0 na daraja la mwisho. Lakini usiipite haraka hiyo X, kwa sababu ndiyo iliyoharibu mengine.

"Muhula uliopita alikuwa wa 21 kwa wastani wa 58. Sasa ni wa 29 kati ya 44, wastani 52. Kwa nini ameporomoka hivi?"

Chukua ile 364 uigawe kwa wastani walioandika, 52. Unapata 7. Maana yake wamegawanya kwa masomo saba, wakati mtoto amefanya sita. Uraia umehesabiwa kama sifuri, ingawa kwenye karatasi umeandikwa X. Gawanya kwa sita upate karibu 60.7, juu ya 58 ya muhula uliopita.

Mara nyingi hakuna aliyekusudia. Jedwali la kompyuta linaweza kuwa limepangwa kugawanya kwa idadi ya masomo yote, basi likafanya hivyo kwa kila mtoto. Zipo pia shule zenye utaratibu kwamba asiyefanya bila ruhusa anahesabiwa sifuri. Ndiyo maana nakushauri uende kwa mwalimu wa taaluma na cheti cha hospitali, umuulize maswali mawili: je, mtoto atapewa mtihani wa marudio wa Uraia, na kama hatapewa, wastani wake utahesabiwa kwa masomo sita? Nenda mapema, kabla alama za muhula hazijafungwa.

Angekuwa wa ngapi kwa 60.7? Hilo siwezi kukuambia, mama. Nafasi hutegemea alama za wenzake 43, na hizo hazimo kwenye picha. Huenda angepanda, ila kwa hatua ngapi haijulikani. Katikati ya darasa watoto husongamana sana. Alama mbili tatu za wastani zinaweza kumpitisha mtoto mbele ya wenzake wengi, na mwaka mwingine asimpite hata mmoja.

"Na hii 97/131 ni ya nini tena?"

Ni nafasi yake katika mikondo yote ya darasa lake. 29/44 ni ya mkondo wake peke yake. Zote mbili zimetoka kwenye wastani ule ule wa 52, kwa hiyo ukirekebishwa zinabadilika pamoja.

"Mwalimu wa darasa kaandika 'Ameshuka, aongeze bidii.' Wa Hisabati kaandika 'Haoneshi njia.' Baba yake amekasirika."

Ya kwanza msiikasirikie. Mwalimu mwenye ripoti 44 za kujaza hutazama wastani wa sasa na wa zamani, kisha anaandika. Ukisahihishwa wastani, maneno hayo hayana pa kusimama.

Ya Hisabati ndiyo ya kushika. Imeandikwa na mtu aliyeona karatasi. Mtoto anaandika jibu bila hatua zake: swali la alama 4 akikosea hesabu ndogo mwishoni anapata 0, wakati aliyeandika hatua anaweza kuondoka na 2 au 3. Omba karatasi yake ya mtihani, tafuta maswali aliyoandika jibu tupu, kisha mwambie ayafanye upya mbele yako kwa kuandika kila mstari. Akiyapata, tatizo ni uandishi. Akikwama katikati, mwonesheni mwalimu wake ni mstari gani amekwamia.

Na kesho mchana, karibu na dirisha, nipigie picha upande wa pili wa ripoti. Kwenye nyingi ndiko huwa kuna mahudhurio.