Sukari ya mzee ikiwa nzuri mno, mimina dawa zake mkekani

Juzi asubuhi nimeamka na ujumbe wa msomaji: "Dada nesi, shikamoo. Baba ana miaka 78. Leo sukari imesoma 3.4, tumefurahi maana zamani ilikuwa inafika 15. Ila ameamka anaongea vitu havieleweki. Itakuwa malaria imepanda kichwani?"

Nilimpigia simu palepale. Anameza vizuri? Anameza. Basi koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu kikombe cha maji, anywe yote, upime tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado chini ya 4, rudia. Ikipanda, mpe uji au ugali, asikae na sukari tupu tumboni. Halafu nikamuuliza lile swali ambalo ndilo sababu ya kuandika leo: anameza dawa gani ya sukari? Akasema hajui jina, ni kidonge kidogo, anakunywa asubuhi na jioni.

Nilikaa kitandani nikakumbuka mkeka wa Bibi.

Bibi ni mgonjwa wetu wa kliniki ya kisukari, huku Muheza, miaka 81, kilo 43. Miezi minne kabla ya yaliyotokea, alikuja kliniki sukari ya asubuhi ikasoma 4.4. Mwandiko ulioko kwenye kadi yake ni wangu: "Sukari nzuri sana. Hongera. Aendelee na dawa." Nilimpigia makofi mbele ya wenzake kwenye benchi, nikawaambia muoneni Bibi, anafuata masharti. Kadi ile ninayo nakala yake mpaka leo. Siitunzi kwa kujisifu.

Nyumbani mambo yalikuwa hivi, na haya nimeyajua baadaye. Bibi meno yamekwisha. Asubuhi ni nusu kikombe cha uji, mchana anadonoa, jioni mara nyingi anasema nimeshiba. Kidonge cha jioni alikuwa anapewa na mjukuu wa miaka 13, saa moja kamili, awe amekula au hajala, kwa sababu sisi ndio tuliowaambia dawa haikosi saa yake. Mkwewe alikuwa anabadilisha shuka alfajiri, limelowa jasho. Asubuhi Bibi alikuwa anawaita watoto kwa majina ya ndugu zake waliokwisha kufa, akinywa chai yenye sukari akili inarudi. Jirani mmoja alisema uzee, mwingine akasema ana watu wake wanamtembelea usiku. Mara mbili alianguka akienda chooni.

Jumamosi moja, saa kumi na moja alfajiri, wakamkuta haongei, mkono na mguu wa kulia haviinuki. Wote wakajua ni kiharusi. Kituo cha kwanza walichofika walipima sukari, ikasoma 1.9. Wakampa dekstrozi ya mshipa, na ndani ya dakika chache mkono ukainuka, Bibi akauliza khanga yake iko wapi. Watu wakashangilia. Saa sita mchana akaruhusiwa kwenda nyumbani, sukari 9.

Usiku uleule akaletwa kwetu, sukari 2.3.

Nililiona kosa hilo na bado linaniuma, ingawa lililotangulia lilikuwa langu. Ukimpandisha sukari mtu aliyeshushwa na kidonge cha jamii ya sulfonilurea, hujamaliza kazi. Kidonge hiki hakifanyi kazi ya kuondoa sukari chenyewe, kinaisukuma kongosho itoe insulini. Na kinaisukuma hata kama sukari tayari iko chini, hakiulizi umekula au hujala. Ukimwaga dekstrozi nyingi kwa mara moja, kongosho ambayo bado imeshikwa na dawa inaiona ile sukari na kutoa insulini zaidi. Mgonjwa anaamka, anatabasamu, halafu anazama tena. Ndiyo maana huyu halali nyumbani siku hiyo. Sisi tulimwekea dripu ya dekstrozi ya asilimia 10 iende polepole, tukampima kila saa, na tukakaa naye siku mbili mpaka ikatulia bila dripu. Kwa mzee mwenye figo dhaifu hata saa 24 zinaweza zisitoshe.

Asubuhi ya Jumapili nikamwambia mkwewe alete dawa zote zilizoko nyumbani. Nilisema zote, hata za mafua, hata za mti shamba, hata zilizokwisha muda. Kwenye kadi kuna tulichoandika sisi, na kwenye mfuko kuna anachomeza. Alikuja na mfuko wa rambo na kipande cha mkeka, tukaketi pembeni ya wodi tukamimina.

Bahasha ya kwanza ilikuwa ya kliniki yetu: glibenklamidi miligramu 5, "1x2". Ndiyo sulfonilurea ile ambayo wengi mnaiita daonili. Bahasha ya pili ilitoka duka la dawa la mtaani, jina lingine kabisa, "1x1". Niliigeuza pakiti ya ndani nikasoma yale maandishi madogo chini ya jina la kibiashara: glibenklamidi, miligramu 5. Wiki ambayo kliniki iliishiwa, mtoto wake wa kiume alinunua dukani. Dawa zetu ziliporudi, hakuna aliyewaambia kwamba ni kitu kilekile, wakaendelea na zote mbili. Miligramu 15 kwa siku, kwa mtu wa kilo 43 anayeishi kwa uji.

Bahasha ya tatu ilikuwa septrini, siku ya nne kati ya saba, kwa ajili ya uchafu kwenye mkojo. Septrini inaiongezea nguvu glibenklamidi, hasa figo zikiwa zimechoka. Ya nne ilikuwa atenololi ya presha. Hii haishushi sukari kwa kiasi cha kutisha, lakini inaficha dalili: moyo haudundi mbio, mikono haitetemeki. Jasho pekee ndilo haliwezi kulificha. Nikalikumbuka lile shuka.

Sasa figo. Majibu yake ya maabara yalikuwa na kreatinini maikromoli 98 kwa lita, na karatasi haikuwa na alama yoyote ya hatari. Hapo ndipo wengi tunapita. Kreatinini ni taka ya misuli inayotolewa na figo, na Bibi misuli hana, kwa hiyo namba inabaki ya kupendeza hata figo zikiwa zimeanguka. Chukua kalamu. Toa umri kwenye 140, unabaki na 59. Zidisha kwa uzito, 43, unapata 2,537. Kwa mwanamke zidisha tena kwa 1.04 (mwanamume 1.23), inakuja kama 2,638. Gawa kwa ile 98. Jibu ni mililita 27 hivi za damu ambazo figo zinasafisha kwa dakika, wakati kijana mzima anakuwa karibu na 100. Ni hesabu ya kukadiria, na kwa mzee mwembamba inaweza kupunguza kidogo kuliko hali halisi, lakini inatosha kukushtua. Glibenklamidi ikivunjwa na ini inaacha mabaki ambayo nayo yanashusha sukari, na mabaki hayo yanategemea figo kutoka mwilini. Figo za 27 zinayaacha yarundikane, kidonge cha leo kinakutana na cha jana.

HbA1c yake, yaani wastani wa sukari wa kama miezi mitatu, ilirudi asilimia 5.8. Mwenzangu mmoja akasema, "Safi!" Nikamkatalia. Kwa kijana asiye na dawa za kushusha, sawa. Kwa bibi wa miaka 81 anayeanguka, aliye kwenye sulfonilurea, 5.8 inasema amekuwa akizama usiku mwingi na hatukujua. Wazee dhaifu namna hii tunaridhika na 8, hata 8.5. Madhara ya sukari iliyopanda kiasi kwenye macho na figo yanachukua miaka mingi kuja, ilhali nyonga inavunjika usiku mmoja.

Nilipopeleka karatasi yangu ya hesabu kwa mkubwa wa zamu, jibu la kwanza lilikuwa, "Nesi, wewe unataka kunifundisha dawa?" Nilinyamaza, nikaweka bahasha mbili mezani, pakiti zimegeuzwa upande wa maandishi madogo. Alizisoma. Glibenklamidi ikafutwa siku hiyo, septrini ikabadilishwa. Sijawahi kuombwa radhi, na sidai. Lakini siku hizi kliniki yetu kila kadi ya mzee wa zaidi ya miaka 60 aliye kwenye dawa hii ina mstari mwekundu juu, na mstari huo niliuanzisha mimi. Si uzushi wangu: tangu 2013 orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani imeiweka gliklazidi, sulfonilurea nyingine, na angalizo kwamba glibenklamidi haifai kwa walio juu ya miaka 60. Gliklazidi ni afadhali kwa sababu mabaki yake hayashushi sukari, lakini nayo ikimezwa bila chakula inaangusha.

Ugumu ulikuja baada ya kuacha dawa. Sukari ya Bibi ikawa inacheza 9 mpaka 13, na mtoto wake wa kiume akaja juu: "Mmemnyang'anya mama dawa, sasa mnamwacha sukari ipande!" Nilimuuliza, tangu aache kidonge shuka limelowa? Hapana. Ameanguka? Hapana. Anawajua wajukuu? Anawajua, na anawagombeza. Miezi mitatu baadaye HbA1c ikawa 7.9 bila dawa yoyote ya sukari.

Kwa hiyo wenzangu wauguzi, na ninyi mnaouguza wazee nyumbani, acheni kupigia makofi namba. Mzee akisoma 4 na ushee asubuhi huku anameza kidonge hiki, uliza usiku ulikuwaje. Uliza jana jioni alikula nini, na usikubali jibu la "alikula" tu, uliza kiasi gani. Geuzeni pakiti msome jina dogo. Na akishuka chini ya 4, dozi inayofuata isitolewe mpaka aonwe na daktari, siku hiyohiyo. Mfungo wa Ramadhani una habari yake, nitauandikia peke yake, maana hapo napata hasira.

Yule msomaji alipima tena: 5.1, baba amekula ugali na mchicha, anaongea sawasawa. Akauliza kama sasa anaweza kumpa kidonge cha asubuhi walichokuwa wamechelewesha. Nikamwambia asimpe, anipigie picha bahasha. Picha ikaja, mwandiko wa haraka haraka: glibenklamidi, 1x2. Nikamwambia ampeleke hospitali sasa hivi, na bahasha zote aende nazo, na akiambiwa arudi nyumbani kwa sababu sukari imepanda, aombe kulala.

"Lakini yuko mzima, dada, anacheka."

Nikamwandikia kwamba Bibi naye alicheka, akauliza khanga.

Ikapita kama dakika tano. "Sawa. Nimeita bajaji."