Herufi moja, neno jingine: maswali na majibu

Nimeandika mkataba wa kupangisha chumba Sinza. Kompyuta haikupigia mstari mwekundu hata neno moja, lakini mpangaji anasema nimemsamehe bili ya maji. Imekuwaje?

Tazama kama umeandika "Mpangaji hatalipa bili ya maji" badala ya "atalipa". Kikagua tahajia hulinganisha kila neno na orodha yake, na maneno yote mawili yamo. Hakijui ulichokusudia.

Wakati ujao ndio wenye hatari zaidi. Wakati uliopo ukikanushwa hubadilika mwanzo na mwisho: "analipa" huwa "halipi". Wakati ujao hubadilika mwanzo tu, tena kwa "yeye" na "wewe" tofauti ni h peke yake: atalipa na hatalipa, utalipa na hutalipa. Wala kosa hili si la kidole, maana h na a hazikai jirani kwenye kibodi. Ni la sikio. Anayesema "hasante" na "abari" huiandika h pasipo na h na kuiacha panapotakiwa.

Ukitumia LibreOffice Writer, bonyeza Ctrl+H, weka tiki kwenye "Regular expressions", kisha tafuta:

```
\bh?(ata|uta)\w+
```

Bonyeza "Find All". Vitaibuka vitenzi vyote vya namna hiyo, pamoja na vya kuvipuuza kama "hatari" na "utaratibu". Simama kwenye kila kimoja ujiulize mambo mawili: huyu atafanya au hatafanya? Pesa zinatoka kwake au zinaingia kwake? Swali la pili ni la w, kwa sababu "mwenye nyumba atalipa" na "mwenye nyumba atalipwa" navyo vimetengana kwa herufi moja.

Kwa vipengele vya pesa, badilisha sentensi yenyewe. Andika "Mpangaji anapaswa kulipa bili ya maji". Kinyume chake ni "hapaswi", kwa hiyo h ikijipenyeza itazaa "hanapaswa", neno lisilokuwapo, na kikagua tahajia cha Kiswahili kitalipigia mstari. Kosa linaloonekana ni nafuu kuliko lililojificha.

Bango la duka letu Kariakoo linasema "Tunafunga saa 2 asubuhi". Wateja wanacheka. Nitazuiaje lisirudiwe?

Hapo u imedondoka: funga, fungua. Kiswahili kina vitenzi kadhaa ambavyo u hiyo hugeuza tendo kuwa kinyume chake, kama ziba na zibua, kunja na kunjua. Fundi bomba aliyeandikiwa "njoo uzibe bomba la jikoni" atakuja na vifaa vya kuzuia maji, wakati wewe unataka yapite.

Kwenye bango tumia kauli ya kutendwa: "Duka linafunguliwa saa 2 asubuhi, linafungwa saa 2 usiku". Maneno hayo yanatofautiana kwa herufi kadhaa, na atakayelikosea moja hatalifikia la pili. Kwa fundi, taja matokeo: "maji hayapiti" au "maji yanavuja".

Kadi za harusi zimechapwa "Mahari: ukumbi wa Mbezi". Tulisoma watu watatu. Hatukuona!

Wote watatu mlijua kilichotakiwa kuandikwa, basi macho yakasoma hicho. Mpe kadi mtu asiyejua ukumbi ni upi, akusomee kwa sauti herufi moja moja kwenye neno lenye l au r.

Ngeli ingewasaidia kama mngeandika kirefu. "Mahali" huchukua pa, "mahari" huchukua ya, hivyo "mahari pa sherehe" ingewakwaruza masikio. Neno likisimama peke yake na nukta mbili, ngeli haina la kusema. Haisaidii pia kwa "kalamu" na "karamu", kwani zote huchukua ya. Hizo zitafute kwa orodha, kabla faili halijaenda kwa mchapaji:

```
\b(mahali|mahari|kalamu|karamu|kula|kura)\b
```

Kamati ya harusi iongeze "mchango" na "mchanga". Nayo huchukua wa yote mawili, na "mchanga wako haujafika" ni ujumbe ambao mwenye lori atauelewa vizuri sana.

Simu yangu imebadilisha "chuo" kuwa "choo" kwenye barua ya maombi. Niamini ngeli?

Hapana. Vyote ni ki-vi: chuo chenu, choo chenu, vyuo, vyoo. Zima masahihisho ya moja kwa moja unapoandika barua, halafu tafuta "choo" na "vyoo" kabla ya kutuma. Anza na anwani na kichwa cha barua, maana watu hukagua aya na kuruka herufi kubwa za juu.