Kafu dabo, plaketi ya wapi? Tajeni sehemu za shati vizuri, mafundi

Jana usiku fundi mmoja wa Uhuru Market aliniandikia. Ameshona mashati sita meupe ya harusi, mteja ameyakataa, na harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Oda ilisema: "yoki dabo, kafu dabo, plaketi safi". Yeye akashona kafu, ile sehemu ya mwisho ya mkono wa shati, za vifungo viwili. Bwana harusi alikuwa amenunua kafulinki, vile vibanio vya kufungia kafu badala ya vifungo.

Nilisoma ujumbe ule nikahisi uchungu, kwa sababu yalinikuta hayo hayo nilipokuwa nimeajiriwa kwenye karakana moja hapa mjini. Karatasi ya oda iliandikwa na aliyepokea mteja, ikaletwa mezani kwangu ikiwa na maneno mawili tu, "kafu dabo". Nilimuuliza mwenye karakana kama ni ya kukunja au ni ya vifungo viwili. Akajibu, "Fundi, shona, si imeandikwa?" Nikashona za vifungo viwili jinsi wateja wake wote walivyozoea. Mashati yaliporudi, bei ya kitambaa ilikatwa kwenye mshahara wangu. Sijasahau. Ndiyo maana leo sishiki mkasi kabla oda haijataja sehemu, mahali ilipo na aina yake.

Tuanze na hilo neno dabo, maana kwenye shati linasema mambo mawili tofauti. Yoki ni kile kipande cha mabegani, kinachounganisha kola, mbele mbili na mgongo. Yoki dabo maana yake ina tabaka mbili, moja nje na moja ndani, na mishono ya mabega imefichwa katikati yake. Karibu kila shati la heshima liko hivyo. Isichanganywe na yoki ya vipande viwili, ambayo ina mshono katikati ya mgongo. Hiyo hukatwa hivyo ili nyuzi zilale mshazari mgongoni, kitambaa kivutike kidogo mtu anaponyoosha mikono mbele, na kama kitambaa kina mistari, mistari ifuate bega. Mteja akisema "yoki mbili", mguse mgongo katikati umuulize: mshono hapa uwepo au usiwepo?

Kafu dabo ni jambo lingine kabisa. Kila kafu ina tabaka mbili, ya nje na ya ndani, na vilini ya kuikaza katikati. Kwa hiyo ukihesabu tabaka, kila kafu ni dabo! Anachotaka mwenye kafulinki ni kafu ya kukunja: ndefu mara mbili, inarudishwa juu yake yenyewe, ina matundu manne na haina kifungo hata kimoja. Kafu ya kawaida hupandiana, upande mmoja juu ya mwingine, ikafungwa kwa kifungo. Ya kukunja haipandiani. Kingo zake mbili hukutana ndani kwa ndani, zikatokeza nje ya mkono, na kafulinki inapita matundu yote manne.

Sasa tuyaokoe mashati ya mwenzetu. Usiguse mkono wa shati. Fumua kafu peke yake, kwa sababu kafu mpya ikishakunjwa itakuwa na kimo kile kile, na urefu wa mkono haubadiliki. Tuseme kifundo cha mkono wa mteja ni sentimita 17. Mzunguko wa kafu ikifungwa uwe kama 22, na ukiongeza nafasi ya kingo zinazotokeza unapata urefu wa 25 baada ya kushona. Kwa kimo, ya kawaida ni 7. Ya kukunja iwe 14.5: 7 za chini na 7.5 za juu. Hiyo nusu sentimita ya ziada ndiyo inayofunika mshono wa kafu na mkono. Ukiiacha, mshono utachungulia, na picha za harusi zitakuonyesha.

Ongeza sentimita moja ya mshono kila upande, unakata 27 kwa 16.5. Kila shati linataka vipande vinne, mashati sita ni vipande 24. Kwenye kitambaa cha upana wa 150 unapata vitano kwa safu, kwa hiyo safu tano, kama sentimita 83. Nunua mita moja. Lakini usiende Biashara Street mikono mitupu. Beba shati lenyewe, toka nalo mlangoni mwa duka, ulilinganishe na kitambaa kwenye mwanga wa jua. Weupe wa jora hili na weupe wa jora lile si mmoja, na taa za dukani hazisemi kweli.

Wakati kafu imefumuliwa, itazame plaketi ya mkono. Nasema ya mkono, kwa sababu shati lina plaketi mbili za majina hayo hayo. Ya mbele ni ule ukanda wa matundu ya vifungo, upana wa sentimita 3 hadi 3.5, wenye mistari miwili ya uzi. "Plaketi safi" kwa wateja wengine ni mbele isiyo na ukanda, kitambaa kimekunjwa ndani tu. Kwa wengine ni vifungo vilivyofichwa chini ya pindo. Hapo tena uliza.

Ya mkono ndiyo inayonionyesha fundi ni nani. Ni mpasuo wa sentimita 13 au 14 upande wa kidole kidogo, uliofunikwa kwa vipande viwili: mwembamba chini, na mpana wa kama 2.5 juu, wenye kichwa kilichochongoka kama paa. Kipande chenye paa kinakaa upande wa mbele wa mkono, chembamba upande wa nyuma. Weka mikono yote miwili mezani kabla ya kuiunganisha na mwili. Mipasuo ikiangalia upande mmoja, umeshona mikono miwili ya kushoto. Na ukiona mkunjo mdogo juu ya mpasuo, mkasi haukufika kwenye kona za mshono. Ukiona tundu, umepita. Ndugu zangu, nendeni Gikomba mkanunue shati kuukuu lililoshonwa vizuri, mfumue plaketi hiyo taratibu huku mkiandika kipi kilitangulia. Mimi nilijifunza hivyo, hakuna aliyenionyesha.

Gaseti nitaisema kwa ufupi. Ni kipande kidogo chini kabisa ubavuni, pale pindo la mviringo la mbele linapokutana na la nyuma. Pale mshono ni mnene na huvutwa kila shati linapochomekwa, kwa hiyo kinazuia usiachie. Lakini mteja aliyezoea kanzu anaweza kukuambia "weka gaseti" akiwa anataka kikwapa, kile kipande cha chini ya kwapa kinachouachia mkono upande juu bila kuvuta mwili wote. Mwambie ainue mkono, aguse mahali anapotaka. Akigusa kwapa, andika "kikwapa". Akigusa nyonga, andika "gaseti, chini ubavuni". Kisha msomee oda yote kwa sauti, atie sahihi, ndipo upokee amana.