Hukumu ya talaka kutoka Mahakama ya Mwanzo: mambo ya kuangalia ukiitafsiri kwa ajili ya Ujerumani

Wewe uliyeanza kutafsiri hukumu za Tanzania kwenda Kijerumani, muulize mteja kwanza karatasi inapelekwa wapi. Talaka na mtoto hupita njia mbili. Talaka huombewa utambuzi kwa mamlaka ya sheria ya jimbo la Ujerumani, chini ya kifungu cha 107 cha FamFG, sheria ya Ujerumani ya mashauri ya familia. Kama wanandoa wote wawili walikuwa raia wa Tanzania tu wakati wa hukumu, ombi hilo si lazima. Amri ya mtoto hutambuliwa bila utaratibu maalumu, ila mzazi mwenye shaka anaweza kuifikisha mahakama ya familia. Kwa hiyo hukumu moja inaweza kuhitaji nakala mbili za tafsiri, kila moja na muhuri wako.

Sehemu ambayo wengi huifupisha ndiyo inayobeba kesi. Chukua hukumu ambayo mume hakutokea. Katikati ya ukurasa wa pili hakimu ameandika: "Mdaiwa alipelekewa wito kupitia mwenyekiti wa mtaa, akakataa kusaini, shauri likasikilizwa upande mmoja." Ukiandika tu kwamba mdaiwa hakuhudhuria, umefuta ushahidi wa mke. Kifungu cha 109 cha FamFG kinaruhusu utambuzi kukataliwa ikiwa mdaiwa hakupata wito ipasavyo na mapema, hakujibu madai, na sasa analalamikia hilo. Nani alipeleka wito, tarehe gani, na nini kilitokea: vyote vitafsiriwe neno kwa neno. Vivyo hivyo taarifa ya baraza la usuluhishi la ndoa. Lieleze baraza lilivyo, usilipe jina la ofisi ya Kijerumani inayofanana nalo.

Kwa mtoto, kuwa mwangalifu zaidi. Amri nyingi husema: "Mtoto atakaa na mdai, mdaiwa atatoa matunzo shilingi 100,000 kwa mwezi na ataruhusiwa kumwona." Hapo hakimu ameamua makazi, matunzo na kuonana. Hajasema nani ataamua shule, matibabu au pasipoti. Ukitumia neno la Kijerumani linalobeba mamlaka yote ya mzazi, umempa mama haki ambayo mahakama haikutaja, na wakili wa baba ataliona. Andika makazi kama makazi. Shilingi zibaki shilingi. Jina la mtoto likitofautiana na cheti cha kuzaliwa, liache lilivyo, kisha weka maelezo yako kwenye mabano.

Tafsiri pia mihuri, maandishi ya kalamu pembeni na nyuma ya karatasi. Katika uthibitisho wako, sema kama uliona nakala yenye muhuri wa mahakama au picha ya simu tu.

Halafu tafuta uthibitisho kwamba hukumu ni ya mwisho. Tarehe ya kusomwa hukumu haitoshi, wala usihesabu muda wa rufaa mwenyewe na kuuandika. Mwambie mteja aombe barua ya karani au hakimu inayosema hakuna rufaa iliyokatwa na muda umekwisha. Aiombe mapema, ndugu yake aliyeko nyumbani aifuatilie masjala kwa namba ya shauri, kwa sababu faili likishapelekwa kwenye hifadhi ya nyaraka, kulipata tena huchukua muda.